Kufupisha Makala ya Utafiti: Matokeo, Njia na Mipaka, kwa Mfano wa Maji ya Mlima Meru

Mfasiri wa halmashauri huletewa makala ya utafiti kwa njia ya kompyuta, yakiwa katika umbo la PDF, yamepangwa kwa safu mbili kila ukurasa, yamejaa ramani na majedwali, nayo yameandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Huambiwa ayafupishe katika ukurasa mmoja wa Kiswahili ili madiwani wayasome kabla ya kikao. Watakaousoma ukurasa ule hawatayaona makala yenyewe. Wakiamua kisima kichimbwe mahali fulani, wataamua kwa maneno ya mfasiri. Katika makala haya tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na tutaifanya mbele ya msomaji kwa kutumia utafiti mmoja unaohusu wilaya ya Arumeru.

Utafiti wenyewe ni wa Ghiglieri na wenzake watatu kutoka Italia. Ulichapishwa mwaka 2010 katika jarida la elimu ya maji la Umoja wa Wanajiosayansi wa Ulaya, juzuu la 14, kurasa 1081 hadi 1091, na jarida hilo husomwa na yeyote bila malipo. Kichwa chake, tukikifasiri, chasema juu ya kutafuta maji ya chini ya ardhi yaliyo salama, yaani yenye floraidi kidogo, katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, wilaya ya Arumeru. Tumeuchagua kwa sababu jambo lake linajulikana kwa kila mkaazi wa mkoa huo. Meno ya rangi ya kahawia yanaonekana Ngare Nanyuki na Maji ya Chai, na watoto walionyweshwa maji yenye floraidi nyingi mno huweza kupinda miguu. (Jina la Maji ya Chai huelezwa kuwa latokana na rangi ya mto, lakini floraidi yenyewe haina rangi wala ladha ya kuitambulisha, maji maangavu kama kioo yaweza kuwa nayo tele.)

Tuanze na maneno matatu yanayounda muhtasari wa namna hii, kwani kosa la kwanza hutokea hapo. Matokeo ni yale ambayo watafiti waliyapata. Njia ni yale waliyoyafanya ili wayapate. Maneno haya mawili hayana ubishi mkubwa. La tatu ndilo lenye matata. Wanafunzi wetu wa vyuo wamezoea kuandika sura fupi iitwayo vikwazo vya utafiti, na humo hueleza kwamba fedha zilichelewa, barabara ilikuwa mbovu na baadhi ya watu walikataa kuhojiwa. Hayo ni vikwazo kweli, lakini msomaji wa muhtasari hana haja nayo. Anachotaka kujua ni mahali ambapo matokeo yanakoma kuwa ya kweli: eneo gani, majira gani, visima vingapi, kwa kipimo cha mwaka gani. Sisi tunapendekeza jambo hilo liitwe mipaka ya matokeo. Neno mawanda libaki kwa eneo ambalo mtafiti aliamua tangu mwanzo kulishughulikia, na vikwazo libaki kwa taabu zilizompata njiani. Taabu iliyompata mtafiti huingia katika muhtasari pale tu ilipobadili matokeo.

Sasa tuyachukue makala. Kabla ya kusoma yafaa kuhakikisha kwamba maandishi tuliyo nayo ndiyo yaliyochapwa. Faili za PDF ni za namna mbili. Nyingine zina maandishi yanayoweza kunakiliwa, na nyingine ni picha tu za kurasa zilizopigwa kwa mashine, kama zilivyo ripoti nyingi za zamani zilizohifadhiwa masjala. Faili ya kwanza ikinakiliwa ovyo huchanganya safu mbili: mstari wa kushoto huungana na mstari wa kulia, na sentensi mbili zisizohusiana huwa moja. Wenye programu ya bure iitwayo `pdftotext` wanaweza kutoa maandishi ya kawaida kwa amri ya kwanza hapa chini, inayojaribu kufuata mpangilio wa kusoma. Amri ya pili ni kwa ukurasa wenye jedwali, kwa sababu hiyo hubakiza nafasi kati ya namba kama zilivyo katika ukurasa. 7 ni namba ya ukurasa tuutakao.

```
pdftotext makala.pdf maandishi.txt
pdftotext -layout -f 7 -l 7 makala.pdf jedwali.txt
```

Hatari kubwa zaidi imo katika alama ndogo. Wanasayansi huandika lita kwa sekunde hivi: `l s−1`, na miligramu katika lita hivi: `mg l−1`, namba ya mwisho ikiwa imepandishwa juu. Ikinakiliwa hushuka, na mara nyingine alama ya kutoa hupotea, ikabaki `l s 1`. Hapo hakuna madhara makubwa, maana mfasiri atashangaa na kutazama upya. Lakini `10−6`, yaani sehemu moja ya milioni, ikipoteza alama yake huwa `106`, na hakuna kitu cha kumshtua msomaji. Kwa hiyo kila namba itakayoingia katika muhtasari sharti isomwe katika ukurasa wenyewe kwa macho, isisomwe katika nakala.

Baada ya hapo twasoma, wala hatuanzi mwanzo na kwenda hadi mwisho. Twasoma ikisiri, kisha hitimisho, kisha ramani na majedwali pamoja na maelezo yake, halafu sehemu ya njia. Mwisho ndipo twasoma mjadala. Sababu ya kuchelewesha mjadala ni kwamba humo waandishi hulinganisha kazi yao na kazi za wengine, na msomaji asiye mwangalifu huokota namba ya mtu mwingine akaiita ya utafiti huu. Kuna utafiti wa baadaye wa Ghiglieri na baadhi ya wenzake hawa, uliochapishwa mwaka 2012 juu ya miteremko ya kaskazini-mashariki ya Meru, ambao ulitaja floraidi iliyofikia miligramu 68 katika lita. Namba hiyo ni ya makala mengine, na tena ni ya kiwango cha juu kabisa kilichopatikana, si ya wastani. Mtu akiandika kwamba maji ya Meru yana floraidi miligramu 68 atakuwa amefanya makosa mawili katika sentensi moja.

Ikisiri ya makala yetu, kwa maneno yetu wenyewe, yaeleza haya. Watafiti walifanya kazi katika eneo la kilometa za mraba 440 upande wa kaskazini wa Arumeru, mahali pakame penye msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Waliunganisha jiolojia, elimu ya maji, upimaji wa kemia na upimaji wa umeme ardhini. Walitambua makundi manne ya matabaka yabebayo maji ndani ya miamba ya volkano. Waliona kwamba maji ya chini kwa jumla yanashuka kutoka sehemu za juu upande wa kusini kwenda nyanda za chini upande wa kaskazini, ingawa nyufa za ardhi na vilima vya lava huyapotosha. Walitafuta chanzo kikubwa cha floraidi, wakaonyesha mahali maji ya juu ya ardhi yenye floraidi nyingi yanapokutana na maji ya chini. Mwisho walitafuta kwa umeme matabaka yasiyofikiwa na floraidi, na kisima cha mita 60 kikachimbwa, nacho kikatoa maji yasiyopungua lita 3.8 kwa sekunde, yenye floraidi kidogo na ya kunyweka.

Hapa wengi wangeona kazi imekwisha. Wangefasiri ikisiri, wakaipunguza, wakaigawa chini ya vichwa vitatu. Ila ikisiri haikuandikwa kwa ajili ya diwani. Imeandikwa ili mwanasayansi mwenzao aamue kama atayasoma makala yote. Mipaka haimo ndani yake, au imo kwa kufichwa katika neno mojamoja, na ni juu ya mfasiri kuitafuta.

Njia tunayoitumia ni kuchora karatasi safu tatu na kufunga kila tokeo kwenye njia iliyolileta, pamoja na namba ya ukurasa. Safu ya tatu hujazwa na swali moja: njia hii ingeweza kutudanganya wapi? Tuone matokeo mawili tu.

Tokeo la kwanza ni mwelekeo wa maji ya chini ya ardhi. Hakuna mtu aliyeyaona maji hayo yakitembea. Watafiti walitazama chemchemi ziko wapi na miamba imejipanga namna gani, kisha wakafasiri kutokana na hayo. Katika safu ya kwanza basi hatuandiki kwamba maji hutiririka kwenda kaskazini. Twaandika kwamba, kwa kufuata mahali chemchemi zilipo na mpangilio wa miamba, watafiti walifasiri kuwa maji yanaelekea kaskazini. Kitenzi cha kufasiri kinabeba mpaka wa tokeo lote, na mtu akikiondoa ili kuokoa neno moja, ameondoa jambo lenyewe. Pale makala yanaposema kupima, tuseme kupima; yanaposema kufasiri, kukadiria au kukisia, tutafute kitenzi chetu kinacholingana, wala tusivitie vyote katika kapu la kuthibitisha.

Vivyo hivyo kwa upimaji wa umeme. Nondo nne huchomekwa ardhini kwa mstari. Umeme hupitishwa kwa nondo mbili za nje, na tofauti ya nguvu yake hupimwa kati ya mbili za ndani. Nondo za nje zikisogezwa mbali zaidi, umeme hupita chini zaidi, na hivyo hupatikana habari za matabaka ya chini. Lava kavu na ngumu huuzuia umeme. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, au maji yenye chumvi, huupitisha kwa wepesi. Chombo hiki hakioni maji, wala hakiijui floraidi. Husoma ukinzani, na mjiolojia ndiye anayesema ukinzani wa kiasi fulani una maana gani mahali pale. Ndiyo maana watafiti walilazimika kuchimba.

Tokeo la pili ndilo hicho kisima, na kwalo tutakaa zaidi. Waandishi wasema kuwa njia yao ilipata uthabiti kwa kuchimbwa kwa kisima hiki. Kiswahili cha haraka kingesema utafiti umethibitisha, na kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye sentensi kama hii: “Imethibitishwa kwamba maji ya chini ya ardhi Arumeru ni salama kwa kina cha mita 60.” Kila neno la sentensi hiyo lina asili katika makala, na sentensi nzima ni ya uongo. Kisima ni kimoja. Kilichimbwa mahali palipochaguliwa baada ya kazi yote ile ya ramani, kemia na umeme, ili kuepuka mahali floraidi inapoingia. Mita 60 ni kina cha kisima hicho, wala si kina ambacho chini yake floraidi hukoma. Mtu atakayechimba mita 60 nyuma ya shule yake huko Oldonyo Sambu bila upimaji hana ahadi yoyote kutoka kwa makala haya. Na mkaazi wa Tengeru au wa mjini Arusha, kusini mwa mlima, hayumo kabisa ndani ya zile kilometa 440. Sisi tungeandika: “Kisima kimoja kilichochimbwa mahali palipochaguliwa kwa njia hii kilitoa maji yenye floraidi kidogo, na hivyo kikaonyesha kuwa njia yaweza kufaa.”

Wakati wa kitenzi nao una kazi. Kiswahili kina kiambishi cha mazoea, hu-, ambacho wafasiri hukipenda kwa sababu kina ladha ya elimu. “Kisima hutoa lita 3.8 kwa sekunde” ni ahadi ya kila siku na kila mwaka. “Kisima kilitoa maji yasiyopungua lita 3.8 kwa sekunde kilipopimwa” ni habari ya siku ile. Kisima kipya hupimwa kwa kuvutwa kwa pampu kwa muda fulani, na muda huo hutazamwa katika sehemu ya njia. Kama ni saa chache, muhtasari useme hivyo. Twashauri matokeo ya vipimo yaandikwe kwa -li-, na hu- iachiwe mambo ambayo waandishi wenyewe wanayatangaza kuwa ni kanuni.

Lita 3.8 kwa sekunde haziwaambii madiwani wengi kitu, na hapa mfasiri hushawishika kuwasaidia. Debe la lita 20 lingejaa kwa sekunde tano na kidogo. Kwa saa moja ni lita 13,680; kwa saa kumi za kuvuta, lita 136,800. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, basi hayo yangewatosha watu 5,400 hivi. Hesabu ni sahihi, na yafaa iwepo. Lakini Ghiglieri na wenzake hawakusema katika ikisiri kwamba kisima kinatosha watu 5,400. Tumesema sisi, tena kwa kudhani kuwa kisima kitavutwa saa kumi kila siku bila kushuka. Hesabu ya mfasiri iwekwe mwishoni, nje ya vichwa vitatu, ikiwa na maneno ya kuonyesha kuwa ni yake.

Limebaki neno salama. Limo katika kichwa cha makala, nasi tunalipokea kama kwamba maana yake haibadiliki. Shirika la Afya Duniani hushauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita. Tanzania, kwa sababu ya hali ya mikoa kama Arusha, iliruhusu kwa muda miligramu 8 kwa maji ya vijijini tangu miaka ya 1970, ikashuka hadi 4, na kiwango cha mwaka 2018 kikaifikisha 1.5. Makala yalipochapwa mwaka 2010 kiwango cha nchi kilikuwa 4. Maji yenye miligramu 3 yalikuwa salama kisheria siku ile, na leo si salama, ingawa kemia yake haikubadilika hata chembe. Ikisiri inataja lita kwa sekunde, lakini haitaji floraidi ya kisima ni miligramu ngapi. Mfasiri hana budi kuingia ndani ya makala, aitafute namba hiyo katika maelezo ya kisima au katika jedwali, kisha aiandike pamoja na kiwango anacholinganisha nacho. Katika mfano ufuatao tumeiacha nafasi hiyo wazi makusudi, ili mwalimu awape wanafunzi wake kazi ya kuijaza.

Muhtasari wetu ni huu:

“Matokeo. Katika eneo la kilometa za mraba 440 kaskazini mwa Arumeru, watafiti walitambua makundi manne ya matabaka ya miamba ya volkano yabebayo maji. Walifasiri kuwa maji ya chini yanaelekea kwa jumla kaskazini, na walionyesha mahali maji ya juu yenye floraidi nyingi yanapochanganyika nayo. Kisima kimoja cha mita 60 kilitoa maji yasiyopungua lita 3.8 kwa sekunde, yenye floraidi ya miligramu … katika lita.

Njia. Ramani za miamba na chemchemi zilichorwa, maji yalipimwa kemia yake, na ukinzani wa umeme ardhini ulipimwa ili kupata matabaka yasiyofikiwa na floraidi. Kisima kilichimbwa ili kuijaribu njia hiyo.

Mipaka ya matokeo. Matokeo yanahusu upande wa kaskazini tu. Mwelekeo wa maji umefasiriwa, haukupimwa moja kwa moja. Jaribio ni la kisima kimoja. Makala ni ya mwaka 2010, kiwango cha taifa kilipokuwa miligramu 4. Sasa ni 1.5, hivyo neno salama lipimwe upya.”

Msomaji ataona kwamba mipaka ni mirefu kuliko njia. Makala mengi hayana sehemu iitwayo mipaka, na mipaka miwili kati ya hii minne, yaani ule wa kisima kimoja na ule wa kiwango, tumeitoa sisi kwa kusoma. Haikutangazwa katika ikisiri. Mahali pakiwapo nafasi, tofauti hiyo ionyeshwe: “Waandishi wanaeleza kuwa…” kwa ile waliyoikiri, na “Mfupishaji anaona kuwa…” kwa ile aliyoiona yeye. Kadhalika tumeacha mengi. Majina ya miundo ya volkano, yakiwamo tholoidi ambayo bado hatujayapatia jina linaloridhisha, yamekuwa “miamba ya volkano” tu, kwa kuwa hakuna uamuzi wa kikao utakaobadilika kwa kuyajua.

Neno moja la mwisho katika istilahi zenyewe. Baadhi ya wafasiri wameandika maji yasiyo na floraidi pale makala yaliposema maji yenye floraidi kidogo. Maji ya miamba ya Meru yasiyo na floraidi hata kidogo ni shida kuyapata, na mashine ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, kama ule uliofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, hupunguza floraidi kwa muda, kisha mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Tungependa kuona “maji yenye floraidi pungufu” likitumika, likifuatwa kila mara na namba.